Mara ya kwanza kulala kwenye hema na familia: tuchague eneo gani, tule nini, mchana tufanye nini?

Mama Pacha
Habari zenu wadau. Sisi hatujawahi kulala kwenye hema hata usiku mmoja, na likizo hii tumeamua iwe hiyo. Tunaondoka Ijumaa, tunarudi Jumapili. Tuko watano: mimi, mume wangu, mapacha wa miaka 7, na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Kuinama anaweza, ila kuinuka ni shughuli.

Hema tumenunua, limeandikwa la watu wanne, bado liko kwenye mfuko wake. Maeneo tuliyopata ni matatu. La kwanza liko mtoni, pale mto unapopinda, pana mchanga mweupe na picha zake ndizo zilizotuvutia. La pili liko juu ya kilima, unaona bonde lote, lakini gari linaachwa chini na mnapanda kwa miguu kama nusu saa. La tatu ni uwanja wa nyasi wenye bomba la maji na vyoo, gari linafika karibu na hema. Hilo la tatu mume wangu analiita uwanja wa mpira.

Naomba ushauri wa eneo, wa chakula kisichotutesa, na cha kufanya mchana na watoto. Asanteni.

Ngoja Waje
Ngoja wajuzi waje. Na mimi nimeketi hapa hapa.

Kijana wa Matukio
Hema la watu wanne ni dogo sana kwa shughuli ya familia, dada. Bora ukodi lile la nguzo, linakuja na viti na mapazia. Shughuli ni ya mchana au usiku? Idadi ya wageni?

Mama Pacha
Kaka, si sherehe. Tunakwenda kulala porini sisi wenyewe, wageni hakuna.

Kijana wa Matukio
Aaah, samahani. Niliona "hema" nikajua kazi imeingia.

Kigingi
Mama Pacha, chukueni la tatu. Mumeo alicheke tu, atanielewa saa nane usiku mtoto mmoja akitaka choo.

Nieleze sababu, kwa kuwa hata ndani ya huo "uwanja wa mpira" kuna mahali pazuri na pabaya, na macho ya kuchagua ni yale yale.

Mchanga wa kwenye kona ya mto haukuzaliwa pale. Mto ukijaa, maji ya upande wa ndani wa kona hupunguza kasi na kutua mzigo wake, ndiyo maana pana mchanga laini. Kwa hiyo unapotandika hema hapo, unalala mahali ambapo mto wenyewe huwa unalala. Na mvua si lazima inyeshe kwenu. Inaweza kunyesha mbali huko juu, ninyi mnatazama nyota, maji yakaja usiku. Ukifika mahali kama hapo tazama vichaka: ukiona majani makavu na vijiti vimenasa kwenye matawi kwa mstari mmoja, basi huo mstari ndio kimo cha maji ya mwisho. Juu ya hayo, hewa ya baridi ni nzito, usiku hushuka na kujikusanya mabondeni. Mtaamka na umande mzito na mbu wa kutosha.

Kilimani tatizo lake ni jingine. Upepo hauna kizuizi, radi hupenda vilele, na kila kitu, maji yakiwemo, mtakibeba mgongoni. Bibi mwenye magoti mabaya kupanda anaweza, kushuka ndiko kunakoumiza zaidi.

Sasa mkifika hilo la tatu, msishushe mizigo kwanza. Zungukeni kwa miguu. Pale nyasi zilipo za kijani kuliko pengine pote pakwepeni, mara nyingi ni kijidimbwi kilichojificha, maji hutuama hapo mvua ikinyesha. Udongo uliopasuka vipande vipande unasema jambo hilo hilo. Tafuteni mwinuko mdogo tu, ambao maji yataukimbia, na vichwa vyenu vilale upande wa juu. Halafu inueni macho: tawi kavu lililoning'inia juu ya hema ni sababu tosha ya kuhama. Choo kiwe karibu kiasi cha kufikika kwa tochi, ila msikae njiani kwake, maana watu watajikwaa kwenye kamba zenu usiku kucha.

Mwisho, kabla ya kufungua hema, lala chini chali pale pale kwa dakika mbili. Mgongo utakuambia jiwe liko wapi na mteremko unaelekea wapi kuliko macho.

Fundi Turubai
Kigingi unawatisha watu. Mimi nimelala kwenye mchanga wa mto mara kibao, hakuna godoro linaloufikia. Chimba tu mfereji kuzunguka hema, maji yatapita pembeni. Na tandika turubai kubwa chini, lizidi hema pande zote, unapata na kibaraza cha kuvulia viatu. Hema la watu wanne kwa watu watano wakiwemo watoto wawili linatosha kabisa.

Kigingi
Fundi, turubai chini ya hema nakubaliana nawe. Linalinda sakafu isichanike na linazuia unyevu. Lakini lisizidi hema. Likizidi, mvua inayoteremka kwenye paa inadondokea juu ya turubai, inakimbilia ndani chini ya sakafu, na mnalala juu ya bwawa. Likunjeni mpaka liwe dogo kuliko hema kwa upana wa kiganja kila upande. Kibaraza cha viatu tandika kipande kingine mbele ya mlango.

Mfereji ni mambo ya mahema ya zamani yasiyo na sakafu. Hema la leo lina sakafu isiyopitisha maji, inayopanda kidogo ukutani. Ukichagua mahali pazuri huhitaji mfereji, na ukichagua pabaya mfereji hauzuii mto. Maeneo mengi pia hawaruhusu kuchimba, mifereji inakula udongo.

Kuhusu idadi, watengenezaji huhesabu miili iliyolala bega kwa bega, bila begi hata moja. La wanne ni la watu wazima wawili, watoto wawili na nguo zao, basi. Mama Pacha, mtafutieni bibi hema dogo la kwake, hata la kuazima, lipigwe mlango ukitazamana na wenu.

Mama Pacha
Asante sana Kigingi, hiyo ya nyasi za kijani nisingeijua, ningezikimbilia hizo hizo. Mama nikimpa hema lake, atainukaje kutoka chini? Na baridi? Tumeambiwa usiku huko panashuka.

Kigingi
Kuna vitanda vya kukunja vya turubai, vyenye miguu. Chukueni kirefu, siyo kile cha inchi chache juu ya ardhi. Akikaa pembeni, magoti yake yawe sawa na nyonga au chini kidogo, ataweza kusimama mwenyewe. Hakikisheni tu hema lake lina kimo cha kukiingiza, pimeni nyumbani. Na mbele ya mlango pawe na kiti chenye mikono, ndicho atakachoshikia anapotoka.

Baridi watu huikosea. Wanabeba mablanketi matatu ya kujifunika na chini wanaweka shuka. Ardhi inakunyonya joto usiku kucha, na blanketi lililo chini yako limebanwa na uzito wako, hewa yote imetoka, halizuii kitu. Wekeni nguvu chini: godoro jembamba la sponji ngumu kwa kila mtu. Lile godoro kubwa la kujaza upepo ni laini ila ni baridi, kwa kuwa hewa ya ndani yake inazunguka. Mkiwa nalo, tandikeni blanketi au sponji juu yake, kati yako na godoro. Kitanda cha bibi nacho kinapitisha upepo chini, kwa hiyo sponji ikae juu ya kitanda.

Nguo za kulalia ziwe zile ambazo hazijavaliwa mchana. Jasho la mchana ndilo baridi ya usiku.

Dada wa Bustani
Naongeza la matone. Asubuhi mtakuta ukuta wa hema umelowa kwa ndani mkadhani linavuja. Ni pumzi zenu tu. Acheni vidirisha vya juu wazi hata kama kuna baridi, na mabegi yasigusane na ukuta.

Fundi Turubai
Sisi baridi ikizidi tunaingiza jiko la mkaa hemani dakika kumi kabla ya kulala, hema linakuwa tamu, halafu tunalitoa. Moshi hakuna, mkaa umeshashika vizuri.

Kigingi
Hapo hapana, na sitabishana kwa utani. Mkaa ulioshika vizuri usio na moshi ndio unaotoa kaboni monoksidi, na hewa hiyo haina harufu wala rangi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi, yaani mambo ambayo mtu aliyechoka kwa safari hatayashtukia. Watu hufa hemani hivyo, hata kwa jiko lililoonekana limezimika, kwa kuwa majivu yanaendelea kuungua ndani kwa saa nyingi. Si mkaa, si gesi, si taa ya mafuta, na si kwenye kibaraza kilichofungwa zipu. Mkitaka joto, chemsheni maji, tieni kwenye chupa isiyovuja, ifungeni soksi, iwekeni miguuni.

Fundi Turubai
Haya, hilo la kichwa kuuma limenigusa. Tulikuwa tunasema ni uchovu wa njia.

Mzee wa Sufuria
Tuje mezani sasa. Mama Pacha, kosa la wanaoanza ni kupanga kupika kama nyumbani wakiwa na jiko moja, upepo na watoto wenye njaa. Sheria yangu ni kwamba siku ya kufika hatupiki, tunapasha. Mtakuwa mmechoka, hema linawasumbua, giza linaingia.

Ijumaa usiku: pikeni mchuzi mzito wa nyama nyumbani Jumatano, upoe, muutie kwenye mifuko imara, muulaze bapa kwenye friza. Ukiganda bapa unapakika vizuri na unayeyuka upesi. Na ukiwa njiani unafanya kazi ya barafu. Mkifika ni kuupasha mpaka uchemke kweli kweli, mkate pembeni, mmemaliza na sufuria moja.

Jumamosi asubuhi: uji wa shayiri au mayai. Mayai yapasueni nyumbani, yakorogeni, yatieni kwenye chupa yenye kifuniko na yakae ndani kabisa ya barafu. Mchana msiwashe moto. Mkate, siagi ya karanga, matunda, karoti, matango. Jumamosi usiku ndiyo mpike, na chungu kiwe kimoja: wali wa adesi. Adesi zile nyekundu zilizokobolewa, si maharage, maharage yatamaliza mtungi wa gesi wakiwa wanakutazama.

Kwa watu watano wenu: mchele gramu 400, adesi gramu 250, kitunguu, nyanya, viungo mlivyopima na kufunga nyumbani kwenye kikaratasi kimoja. Maji anzeni na lita moja na nusu, wekeni nusu lita nyingine ya moto karibu ya kuongeza. Funikeni. Dakika 20 hadi 25 mnakula. Utakaobaki mwagieni pipa la taka lenye kifuniko, msiufiche kuwa kiporo cha asubuhi. Wali uliolala kwenye joto unavuruga matumbo hata ukiupasha, sumu iliyokwisha kutengenezwa humo haifi kwa moto. Jumapili ni vitu vikavu tu, barafu itakuwa imekwisha heshima.

Mama Pacha
Mzee nimekuelewa mpaka nimeona njaa. Barafu tunaipangaje? Sanduku tunalo moja kubwa.

Mzee wa Sufuria
Azima la pili, hata dogo. Moja la vinywaji, moja la chakula. La vinywaji watoto watalifungua kila dakika tano, na kila likifunguliwa baridi inatoka. La chakula lifunguliwe mara tatu kwa siku na mtu mmoja tu. Barafu iwe mabonge makubwa, gandisheni chupa za maji zikiwa hazijajaa kabisa ili zisipasuke. Bonge huyeyuka polepole kuliko vipande, na maji yake mtakunywa. Sanduku lenyewe lilazwe na barafu ndani usiku wa kuamkia safari, msipakie kwenye sanduku la moto. Lihamisheni na kivuli.

Vyakula vya kuharibika vikikaa nje ya barafu zaidi ya saa mbili, tupeni. Siku ya joto kali, saa moja.

Na upepo: zuieni upepo, ila msizungushie bati jiko lile ambalo mtungi wake uko chini ya moto. Joto linarudi kwenye mtungi na unaweza kulipuka. Bati likae upande mmoja, nanyi mkiweza kugusa mtungi bila kuungua, mko salama.

Msafiri wa Sukari
Samahani naingiza langu, huenda likamfaa mwingine. Natumia insulini, na sanduku la barafu ndilo lililokuwa linanitia hofu. Isigusane na barafu moja kwa moja. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na ikaonekana kawaida. Mimi naiweka kwenye kikopo, kikopo kwenye taulo, taulo ndani ya sanduku la chakula, juu kabisa. Kalamu ya insulini ninayojidungia sasa hivi inakaa nje kivulini, kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yake. Mama Pacha, bibi ana dawa za namna hiyo?

Mama Pacha
Ana za presha tu, vidonge. Ila asante, nitaziweka pakavu na si kwenye gari lililofungwa juani.

Ngoja Waje
Mimi swali langu ni moto. Mnazungumzia gesi gesi, kambi bila moto wa kuni ni kambi?

Kigingi
Ulizeni wenye eneo, kuna misimu moto unakatazwa. Ukiruhusiwa, tumieni shimo lililopo, dogo, mbali na hema, kwa sababu cheche moja inatoboa kitambaa. Kuzima ni maji, koroga, maji tena, mpaka uweke nyuma ya kiganja karibu na majivu usihisi joto. Kufukia kwa udongo hakuzimi, kunaficha.

Dada wa Bustani
Kwa safari ya kwanza na watoto wa miaka 7 mimi ningeacha moto kabisa. Mtu mzima mmoja anageuka mlinzi wa moto jioni nzima.

Mzee wa Sufuria
Na mimi ningeuwasha. Watoto watakaa mahali pamoja kwa mara ya kwanza siku nzima. Kila mtu na familia yake.

Mwalimu wa Njia
Nimesoma yote, nataka kusema la mchana, kwa kuwa hapo ndipo ratiba za watu huvunjika. Wanapanga matembezi asubuhi, kuogelea mchana, kilima jioni. Watoto wanaamka na mwanga, hema likipigwa jua la asubuhi hakuna atakayelala. Saa nne wameshachoka kwa mara ya kwanza.

Panga jambo moja tu kubwa kwa siku, na lifanyike asubuhi. Tuseme ni njia ya kilomita 4 kwenda na kurudi yenye mpando wa mita 150. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja mpanda milima, William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia hiyo inakuja kama saa moja na dakika tatu. Hiyo ni ya mtu mzima mwenye nguvu asiyesimama. Kwa mapacha wako izidishe mara mbili, halafu ongeza nusu saa ya kuokota mawe. Kwa hiyo mnahesabu saa mbili na nusu. Mkiondoka saa moja asubuhi mnarudi saa tatu na nusu, jua bado halijakaza. Wekeni saa ya kugeuka, tuseme saa mbili na robo, na mkifikia saa hiyo mnageuka hata kama mwisho wa njia mnauona.

Bibi asibaki kulinda vyombo. Anaweza kwenda nanyi dakika kumi za mwanzo za tambarare, akakaa na mtu mzima mmoja mahali penye ndege wengi, mkamkuta hapo mkirudi. Asubuhi mapema ndege huonekana kuliko wakati wowote.

Mchana wa jua msikae hemani. Hema juani linakuwa tanuri, kaeni chini ya mti. Hapo ndipo michezo ya kukaa inafaa. Wapeni watoto kijiti cha kusimika ardhini: waweke jiwe ncha ya kivuli ilipo, wasubiri dakika 20, waweke la pili. Mstari kutoka jiwe la kwanza kwenda la pili unaelekea mashariki. Mtoto wa miaka 7 akigundua amepata mashariki bila simu, atalirudia mpaka jioni. Wapeni pia kazi za kweli: mmoja mkuu wa tochi, mwingine mkuu wa maji.

Na kila mtoto filimbi shingoni. Akipotea asimame alipo, akumbatie mti wa karibu, apulize mara tatu, anyamaze, apulize tena. Mwambieni kabisa kwamba hatagombezwa. Watoto hujificha kwa kuogopa kugombezwa.

Mume wa Mama Pacha
Wadau, mimi ndiye wa uwanja wa mpira. Nimekubali yaishe. Ila naona mnasema siku mbili ni sawa, kaka yangu anasema mara ya kwanza iwe usiku mmoja tu. Mnasemaje?

Dada wa Bustani
Mmoja. Mkifurahia mtarudi, msipofurahia hamkuteseka.

Mwalimu wa Njia
Mimi nasema miwili. Usiku wa kwanza hakuna anayelala vizuri, kila mlio ni simba. Mkiondoka asubuhi yake mtabaki na kumbukumbu ya usiku mbaya tu na kazi ya kufungasha. Raha huanza Jumamosi.

Dada wa Bustani
Kwa vijana, sawa. Kwa bibi wa magoti, usiku mbaya wa kwanza ukifuatwa na wa pili, Jumatatu utaniambia.

Kigingi
Mnaweza kuuhamisha usiku mbaya mkauweka nyumbani. Wiki moja kabla, pigeni hema uani au popote panaporuhusiwa, wote mlale humo, bibi kwenye kitanda chake. Mtajua kama nguzo zimetimia, vigingi viko vingapi, nani anahitaji blanketi. Pigeni mara ya pili jioni wakati mwanga umefifia, mjue mnachukua muda gani. Ikiwa ni saa moja, basi siku ya safari mfike saa tatu kabla ya jua kuzama.

Kigingi kinaingia kwa kulala, kichwa chake kikiinamia mbali na hema, siyo wima. Kikiwa wima upepo unaking'oa. Na kitambaa cha mvua kivutwe mpaka kisiguse kile cha ndani, vikigusana maji yanapita.

Mama Pacha
Nimeandika hivi, nirekebisheni. Eneo la tatu. Jumapili hii tunalala uani. Mama anapata hema la kuazima na kitanda kirefu. Ijumaa mchuzi na mkate, Jumamosi mayai, mkate na matunda, wali wa adesi usiku, Jumapili vikavu. Jumamosi asubuhi njia fupi na saa ya kugeuka, mchana kivulini. Moto wa kuni bado mimi na mume wangu hatujaelewana.

Swali la mwisho: mvua ikianza usiku, tunakaa au tunakimbia?

Kigingi
Mvua ya kawaida kaeni, hema ndiyo kazi yake. Mkisikia ngurumo, hema si kinga hata kidogo, wote watano ingieni garini mfunge vioo, mkae humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kwa hiyo funguo za gari usiku zikae mahali pamoja, na wote wapajue. Mkiona maji yanatembea chini ya sakafu, au bibi anatetemeka na hapati joto baada ya kubadilishwa nguo, fungeni mrudi nyumbani saa hiyo hiyo. Kabla ya safari kubalianeni nani ana kauli ya mwisho ya kuondoka, maana saa tisa usiku si saa ya kikao.

Mume wa Mama Pacha
Kauli ya mwisho ni ya mama mkwe. Hilo halikuhitaji kikao.

Dada wa Bustani
Na hema likirudi limelowa, msiliache kwenye mfuko hadi wikiendi. Litandazeni siku hiyo hiyo, hata juu ya milango ya nyumba, likauke mpaka kwenye mishono. Ukungu ukishaingia, harufu haitoki na kitambaa kinaanza kupitisha maji.

Ngoja Waje
Mama Pacha ukirudi tuletee mrejesho, hasa wa wali wa adesi. Mzee wa Sufuria, zile gramu 400 ni za watu watano wanaokula kama nani?

Mzee wa Sufuria
Kama watu waliotembea saa mbili na nusu. Wewe ongeza mchele.